Gemu linakwama, ukishusha picha inakuwa na ukungu: namna ya kupanga Resolution Scale, FSR na Sharpness kwenye kadi ya daraja la kati

Mchezaji ana kompyuta yenye kadi ya michoro ya GTX 1660 Super, skrini ya 1080p na gemu la Cyberpunk 2077. Anaingia mtaani Night City, na namba iliyoko kona ya skrini inasoma fremu 38 kwa sekunde. Gari linakata kona kwa kusitasita. Anafungua mipangilio, anashusha hiki na kile, namba inapanda hadi karibu 60, lakini sasa picha ni kama inaonekana kupitia kioo chenye mvuke. Ili kufidia anavuta Sharpness mpaka mwisho. Ukungu unapungua kweli, ila kila waya na kila ukingo wa jengo umeota mstari mweupe pembeni. Saa moja baadaye ameshaanza kuulizia bei ya kadi nyingine.

Huenda kadi mpya haihitajiki. Tatizo la mchezaji huyu ni kwamba amegusa vitu vitatu tofauti kama vile ni kitu kimoja. Resolution Scale, upscaling na Sharpness vinapatikana karibu karibu kwenye menyu, lakini kila kimoja kina kazi yake, na vina mpangilio wa kipi kianze na kipi kiishie.

Kadi yenyewe haiko pabaya. Mahitaji rasmi ya Cyberpunk 2077 yaliyotolewa mwaka 2023 yanataja GTX 1060 ya GB 6 au RX 580 ya GB 8 kama kiwango cha chini, kwa 1080p na mipangilio ya Low, ukilenga fremu 30. Kwa High na fremu 60 yanataja RTX 2060 Super au RX 5700 XT. GTX 1660 Super iko katikati ya makundi hayo mawili. Yaani mwenye kadi hiyo ana haki ya kutarajia kitu kizuri kuliko Low, ila hawezi kupeleka kila kitu High na kutegemea 60 bila msaada.

Kwanza ijulikane nani anachelewesha

Kabla ya kugusa chochote, kuna swali moja la kujibu: kinachochelewesha fremu ni kadi ya michoro au ni prosesa? Mbinu zote za kushusha idadi ya pikseli zinapunguza kazi ya kadi tu. Kama prosesa ndiyo iliyochoka, mchezaji atapata picha mbaya zaidi na fremu zilezile. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza jioni nzima.

Jaribio lake ni rahisi na halihitaji programu ya ziada. Cyberpunk 2077 ina kipimo chake ndani, kinaitwa Run Benchmark, kwenye menyu ya Graphics. Mchezaji azime V-Sync na kikomo chochote cha fremu, kisha aendeshe kipimo mara ya kwanza bila upscaling yoyote. Halafu awashe AMD FSR kwenye kiwango cha Ultra Performance na aendeshe tena. Kwenye skrini ya 1080p, kiwango hicho kinachora picha kwa pikseli 640 kwa 360 tu. Itakuwa mbaya kutazama, lakini lengo si kutazama.

Namba ikiruka kutoka 38 hadi, tuseme, 80, basi kadi ndiyo ilikuwa imebanwa, na yote yatakayofuata hapa yana faida. Ikitoka 38 ikaishia 43, prosesa ndiyo kikwazo. Hapo kuendelea kushusha pikseli ni kazi bure. Mchezaji arudishe picha yake safi na aangalie mambo yanayoibana prosesa, kwa mfano Crowd Density, ambayo inaamua idadi ya watu wanaotembea mtaani. Aangalie pia kama kuna kivinjari chenye kurasa ishirini kimeachwa wazi nyuma ya gemu.

Kuna hali ya tatu inayochanganya: wastani ni mzuri lakini gemu linaganda nusu sekunde kila mchezaji anapoingia eneo jipya. Mara nyingi hiyo ni kumbukumbu ya kadi kujaa, au gemu kukaa kwenye hadi disk ya zamani. Cyberpunk 2077 kwa sasa inataka SSD. Kwa kumbukumbu ya GB 6, dawa ya kwanza ni kushusha ubora wa Textures hatua moja. FSR inasaidia kidogo tu hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya kumbukumbu inaliwa na textures zenyewe, si na ukubwa wa picha inayochorwa.

Resolution Scale ni nini hasa

Skrini ya 1080p ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, jumla zaidi kidogo ya milioni mbili. Resolution Scale inaliambia gemu lichore picha ndogo kuliko hiyo, kisha liivute ijae skrini.

Jambo ambalo menyu haisemi ni kwamba katika magemu mengi asilimia inahesabiwa kwa kila upande. Mchezaji akiweka 70%, anadhani ameacha asilimia 30 ya pikseli. Ukweli ni kwamba upana umepungua hadi 70% na urefu umepungua hadi 70%, na 0.7 mara 0.7 ni 0.49. Ametupa zaidi ya nusu ya picha. Ndiyo maana hatua inayoonekana ndogo kwenye menyu inaleta fremu nyingi, na ndiyo maana ukungu unakuja haraka kuliko ilivyotarajiwa.

Na uvutaji wenyewe ni wa kizamani. Gemu linachukua pikseli jirani na kukisia rangi za katikati, kama mtu anayekuza picha ya pasipoti mpaka iwe bango. Maelezo ambayo hayakuchorwa hayawezi kurudi. Nywele inabaki kuwa doa, na maandishi ya mbali yanabaki kuwa vumbi.

Njia mbaya kuliko hiyo ni kushusha Resolution ya gemu zima, yaani kuichagua 1280 x 720 kwenye menyu ya Video. Hapo hata maandishi, ramani na alama za risasi zinachorwa kwa pikseli chache na kuvutwa. Resolution Scale angalau inaacha maandishi kwenye ukubwa halisi wa skrini. Kwa hiyo kanuni ya kwanza haina mjadala: Resolution ibaki ile ya skrini, 1920 x 1080, na kupunguza kufanyike ndani ya gemu.

FSR inafanya nini tofauti

Upscaling ya kisasa nayo inachora picha ndogo na kuikuza. Tofauti ni mahali inapopata maelezo ya kujazia. AMD ilitoa FSR ya kwanza mwaka 2021, na hiyo ilikuwa inaangalia fremu moja tu, inaikuza na kuinoa. FSR 2, iliyokuja mwaka 2022, ilibadilisha namna yenyewe. Kila fremu inachorwa huku kamera ikisogezwa kidogo sana, chini ya pikseli moja, mara huku mara kule. Macho hayaoni msogeo huo, lakini fremu hii inanasa sehemu ya waya ambayo fremu iliyopita iliikosa. FSR inakusanya fremu kadhaa zilizopita, inatumia taarifa ya gemu kuhusu kila kitu kimeelekea wapi, na kuzipanga juu ya nyingine. Picha inayotoka ina maelezo ambayo fremu moja haikuwa nayo.

Ndiyo maana picha ya 1280 kwa 720 iliyopitia FSR 2 inaonekana safi kuliko Resolution Scale ya 67% yenye pikseli zilezile kabisa. Na ndiyo maana pia inapokosea inakosea kwa namna yake: kitu kinachosogea haraka kinaacha mkia, kwa sababu fremu za zamani bado zinakumbuka kilipokuwa.

Kwa mwenye GTX 1660 Super, DLSS ya Nvidia haipo. Ile inahitaji kadi za RTX. FSR 2 inafanya kazi, na XeSS ya Intel pia inafanya kazi, ingawa inachukua muda zaidi wa kadi kuliko FSR. Kwenye kadi za zamani zaidi kama RX 580, XeSS inaweza kula karibu chote ilichookoa, kwa hiyo huko FSR ndiyo ya kuanza nayo.

Kuna mtego kwenye majina. Quality ya FSR inagawanya kila upande kwa 1.5, kwa hiyo 1080p inachorwa kwa 1280 kwa 720. Lakini kuanzia toleo la 1.3, Quality ya XeSS inagawanya kwa 1.7. Neno ni lilelile, pikseli si zilezile. Mtu anayelinganisha Quality na Quality kisha akasema XeSS ina fremu nyingi zaidi analinganisha embe na nanasi. Ulinganisho wa haki ni Quality ya FSR dhidi ya Ultra Quality ya XeSS.

Hesabu ya hatua: kwa nini Quality inatosha

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Fremu kwa sekunde ni kipimo kinachodanganya kidogo, ni heri kufikiria milisekunde. Fremu 38 kwa sekunde maana yake kila fremu inachukua kama milisekunde 26. Ili kufika 60, kila fremu iishe ndani ya milisekunde 16.7.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kati ya zile milisekunde 26, tuseme 19 zinategemea idadi ya pikseli, na 7 hazitegemei: kupanga maumbo ya vitu, vivuli vyenye ukubwa wake maalumu na kadhalika. FSR yenyewe nayo inataka ujira wake, tuseme milisekunde moja na nusu.

Kwa Quality, pikseli zinabaki asilimia 44. Zile 19 zinashuka hadi 8 na kitu. Ukijumlisha 7 na ujira wa FSR unapata kama milisekunde 17, yaani fremu 58 au 59. Kwa Balanced, pikseli zinabaki asilimia 35 na jumla ni kama milisekunde 15, fremu 66. Kwa Performance, pikseli zinabaki robo, picha inachorwa kwa 960 kwa 540, na jumla inakaribia 13, fremu 75.

Hatua ya kwanza, kutoka bila FSR hadi Quality, imeokoa milisekunde 9. Kila hatua inayofuata imeokoa mbili tu. Lakini kwa macho, hasara inakwenda kinyume: Quality kwenye 1080p bado inaonekana vizuri, Balanced inaanza kuyeyusha majani na nyaya, na Performance kwenye 1080p ni picha ambayo wengi wataichoka. FSR inahitaji malighafi. Kwenye skrini ya 4K, Performance inaanza na picha ya 1080p, na hiyo ni malighafi ya kutosha. Kwenye 1080p inaanza na 540, na hakuna hesabu inayoweza kuificha hiyo kabisa. Sifa nyingi zinazomwagiwa Performance mtandaoni zinatoka kwa watu wenye skrini za 4K, jambo ambalo mara nyingi halitajwi.

Kwa hiyo kwenye 1080p, Quality ndiyo mahali pa kusimama. Zile milisekunde moja au mbili zilizobaki zitafutwe kwingine.

Kwingine ni wapi? Kwenye Cyberpunk 2077 mahali pa kwanza ni Screen Space Reflections Quality. Ni moja ya mipangilio mizito zaidi kwa wasiotumia ray tracing, na ikiwa juu inakula muda mwingi kwenye barabara zenye maji na kuta za vioo. Kuishusha hadi Low, au kuizima, kunaweza kuleta zaidi ya kile ambacho Balanced ingeleta. Mahali pa pili ni Volumetric Fog Resolution na Volumetric Cloud Quality. Ukungu wa Medium na ukungu wa Ultra vinatofautishwa na mtu aliyesimama akitafuta tofauti, si aliye kwenye pikipiki akikimbizwa.

Screen Space Reflections ina jambo jingine linalohusu mada hii moja kwa moja. Kwenye gemu hili mwakisiko huo una chembechembe kama mchanga, hasa kwenye lami na sakafu za chuma. Mchezaji akiziona zinacheza, anailaumu FSR. Anaizima FSR, chembe zinapungua kidogo, anajiridhisha kwamba amempata mwizi. Jaribio la haki ni kuzima Screen Space Reflections huku FSR ikiwa imewashwa. Chembe zikitoweka, FSR haikuwa na hatia.

Sharpness iwe ya mwisho, na iwe moja

Picha iliyokuzwa huwa laini kidogo, na hapo ndipo ukali unapoingia. Sharpness haiongezi maelezo hata kidogo. Inachofanya ni kuongeza tofauti ya mwanga pale ambapo rangi mbili zinakutana: upande mweusi unakuwa mweusi zaidi, upande mweupe mweupe zaidi. Jicho linasoma tofauti hiyo kama ukali. Ikizidi, ile tofauti inamwagika nje ya ukingo na kuwa mstari mweupe unaozunguka kitu.

FSR 2 ina kinoleo chake ndani, na mstari wa kuburuta kwenye menyu unakiongoza kutoka 0 hadi 1. Kina faida moja kubwa: kinafanya kazi kabla ya maandishi na ramani kuwekwa juu ya picha. Kinanoa mtaa, hakigusi herufi.

Tatizo la kawaida si kwamba hicho kimezidi. Ni kwamba kuna vinoleo vingine viwili ambavyo mchezaji amevisahau. Cha kwanza kiko kwenye draiva. Nvidia wana kinoleo chao kwenye NVIDIA Control Panel, na AMD wana Radeon Image Sharpening. Mtu aliiwasha miaka miwili iliyopita kwa ajili ya gemu jingine, kwa magemu yote, na haikuzimwa tena. Cha pili kiko kwenye skrini yenyewe, na hiki kinawahusu hasa wanaocheza kwenye TV. Karibu kila TV ina Sharpness yake kwenye menyu ya picha, na mara nyingi inatoka dukani ikiwa imepandishwa ili matangazo ya mpira yapendeze. Sasa picha inanolewa na gemu, inanolewa na draiva, kisha inanolewa na TV. Kila kimoja kinanoa makosa ya mwenzake.

Namna ya kuvibaini ni kuangalia maandishi ya gemu, kwa mfano idadi ya risasi au jina la kazi iliyo pembeni. Sharpness ya gemu ikiwekwa 0 na herufi bado zina kivuli cheupe pembeni, kuna kinoleo nje ya gemu. Mchezaji atoke hadi kwenye desktop ya Windows na aangalie maandishi meusi kwenye ukurasa mweupe. Kivuli kikiwepo hata hapo, mkosaji ni TV au skrini. Kisipokuwepo, ni draiva. Kwenye TV, Sharpness ishushwe taratibu mpaka kivuli kipotee na isimame hapo. Kwa TV nyingi ni 0, kwa nyingine ni sehemu ya katikati, ndiyo maana kushusha taratibu ni bora kuliko kuipeleka 0 moja kwa moja.

Baada ya vinoleo vya nje kuzimwa, cha gemu kinapangwa hivi. Mchezaji asimame mtaani mahali penye vitu vyembamba mbele ya anga: nyaya, minazi, ngazi za chuma, mabango yenye herufi. Aanze na 0. Apandishe 0.1 kwa kila hatua, na kila hatua azungushe kamera taratibu kushoto na kulia. Kuzungusha ni lazima, kwa sababu picha iliyotulia inaficha kasoro kubwa kuliko zote, yaani nyaya na kingo zinazometameta zikisogea. Siku zote picha iliyosimama itamshawishi aongeze. Pale ambapo mstari mweupe unaanza kujitokeza pembeni ya waya, au majani yanaanza kuwaka kama bati juani, arudi hatua moja. Na afanye haya akiwa amekaa umbali anaochezea, si akiwa ameinamia skrini. Kwa 1080p na Quality, mara nyingi mtu anaishia kati ya 0.2 na 0.5.

Film Grain nayo izimwe kabla ya jaribio hili. Inaweka chembe kwa makusudi ili picha ifanane na filamu, na kwa aliyebakiwa na kinoleo cha draiva, chembe hizo zinanolewa pia. Chromatic Aberration inapaka rangi kwenye kingo, hasa pembeni mwa skrini, na inaonekana kama ukungu ambao hakuna Sharpness itakayouondoa. Zote mbili zina kitufe chake, na kuzizima hakupunguzi fremu.

Ikishindikana, kasoro ndiyo inayosema

Baada ya kupanga hivi, mchezaji wa mfano wetu yuko kwenye 1920 x 1080, FSR Quality, Screen Space Reflections imeshushwa, ukungu Medium, textures kadiri GB 6 zinavyobeba, na Sharpness tuseme 0.3. Ikiwa bado kuna kinachomkera, aina ya kasoro inaonyesha pa kugusa.

Mkia unaofuata gari au mtu anayekimbia ni wa FSR. Kushusha Sharpness hakutauondoa, kutaufanya usionekane sana tu. Njia mbili ni kujaribu XeSS kwenye Ultra Quality, au kupandisha pikseli za kuanzia. Kumetameta kwa nyaya na vyandarua vya chuma kwa kawaida ni Sharpness iliyozidi kwenye malighafi chache, kwa hiyo ukali ushuke kwanza. Ukungu wa jumla ambao hauondoki hata kwa 0.5 ni dalili kwamba Resolution imeshushwa mahali pengine: kwenye menyu ya Video, kwenye Windows, au Dynamic Resolution Scaling iko kazini bila kujulikana. Hiyo ya mwisho inabadilisha pikseli yenyewe kadiri mzigo unavyopanda, hivyo picha inakuwa nzuri ndani ya nyumba na mbaya sokoni. Mchezaji anayepanga Sharpness akiwa chumbani anashangaa kwa nini nje haifai.

Na fremu zikiwa 55 mara 60 mara 52, kwenye skrini ya 60 Hz isiyo na FreeSync, mtikisiko huo unachosha kuliko 45 iliyotulia kwenye skrini yenye FreeSync. Kwa asiye na skrini hiyo, kuna chaguo mbili za kweli: kushusha kitu kimoja kizito zaidi ili 60 isimame, au kufunga 30 na kurudisha uzuri wote. Frame Generation ya FSR 3, iliyoingia Cyberpunk 2077 mwaka 2024, inavutia kwa sababu namba inapaa. Lakini inatengeneza fremu za katikati kutoka kwa zile halisi, na AMD wenyewe wanashauri kuanza na fremu 60 halisi. Kwa mwenye 38, namba itasoma zaidi ya 60, na mkono utahisi 38 au pungufu.

Mtaa wa kawaida ukishakaa sawa, kipimo kimoja zaidi kinabaki, maana Run Benchmark haipiti kila mahali. Wenye Phantom Liberty waende Dogtown, ambako mzigo ni mkubwa kuliko mitaa mingi ya mjini, waendeshe gari kwa dakika tano wakitazama namba. Ikishuka hadi 50 huko na kurudi 60 kwingine, mipangilio iko sawa. Ikishuka hadi 38 tena, prosesa iangaliwe upya kabla ya mtu yeyote kutoa hela mfukoni.